Kidonda Hakihitaji Kukauka

Abiria wa bodaboda akianguka kwenye barabara ya vumbi, mara nyingi goti ndilo hutangulia. Tuseme hakuna mfupa uliovunjika wala mahali pa kushona. Ngozi ya juu tu imechubuka, upana wa nusu kiganja, na changarawe zimejipenyeza ndani. Washauri hawakosekani: huyu analeta spiriti, yule anafungua kidonge cha rangi mbili amwage unga wake, na wote wanakubaliana kwamba kidonda kiachwe wazi kipate hewa, kikauke. Ushauri huo wa mwisho umeenea kuliko yote, nao ndio unaochelewesha kupona.

Kazi ya kwanza ni maji. Nawa mikono, kisha mwagilia jeraha kwa dakika tano hadi kumi. Maji ya bomba yanayofaa kunywewa yanatosha. Ya kisima yachemshwe, yapoe. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko hurusha maji kwa nguvu inayotosha kung'oa mchanga. Sabuni ioshe ngozi iliyo kandokando. Changarawe zinazong'ang'ania zitolewe kwa kibano kilichochemshwa. Inauma, ndiyo, lakini chembe zinazobaki hukaribisha vijidudu, na ngozi mpya ikizifunika huacha madoa meusi ya kudumu. Spiriti haisaidii hapa, kwa kuwa inaunguza seli changa pamoja na vijidudu. Unga wa kidonge nao huganda tu juu ya uchafu na kukuzuia kuona kinachoendelea chini yake.

Kuhusu hewa, jibu lipo tangu 1962. Mwaka huo mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la kisayansi la Uingereza matokeo ya majaribio kwenye ngozi ya nguruwe. Majeraha madogo aliyoyafunika kwa utando wa plastiki yaliota ngozi mpya karibu mara mbili kwa kasi ya yale yaliyoachwa wazi. Seli za ngozi hutambaa kutoka kingo za jeraha na kutoka kwenye mashina ya vinyweleo, nazo husafiri vizuri penye unyevu. Kigaga kigumu kikishajifunga, hulazimika kujichimbia njia chini yake.

Kwa hiyo goti letu, likishaoshwa, lipakwe vaselini safi, tabaka jembamba, kisha lifunikwe kwa plasta kubwa au shashi isiyonata. Vaselini iwe ya kopo jipya au ya tyubu, si lile kopo ambalo nyumba nzima huchovya vidole. Badilisha kila siku, au mara tu bendeji inapolowa au kuchafuka. Shashi ikinasa usiibandue kwa nguvu, ilowanishe kwanza. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na yenye mikunjo, unyevu umezidi, basi badilisha mara nyingi zaidi.

Siku mbili za mwanzo maumivu na uvimbe kidogo ni kawaida, na majimaji mepesi ya manjano si usaha. Cha kuangalia ni mwelekeo: kila siku iwe nafuu kuliko jana. Ikifika siku ya tatu maumivu yakawa yanapanda, shaka ianze. Tumezoea kuambiwa tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huweza usionekane kabisa. Tafuta ngozi inayong'aa na kukaza, au iliyoingia zambarau au weusi kuliko kawaida. Gusa kwa mgongo wa kiganja na ulinganishe joto na goti la pili. Usaha mzito, homa, mstari unaopanda pajani au mtoki kinenani, hayo ni ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwenye kisukari aliyeumia mguuni asisubiri dalili hizo.

Hata goti lililopona vizuri linaacha swali la pepopunda. Watu hulaumu kutu ya msumari, lakini bakteria wake hukaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na msumari hufanya kazi ya kuwapeleka ndani tu, pasipo hewa, ambako hustawi. Dalili, kuanzia taya kukaza, huja kati ya siku 3 na 21, pengine jeraha likiwa limeshasahaulika. Aliyekamilisha chanjo za awali huhitaji sindano ya kuongeza nguvu ikiwa ya mwisho imepita miaka 10, au miaka 5 kwa jeraha lenye udongo kama hili. Asiyekamilisha au asiyejua huchanjwa, na jeraha likiwa chafu huongezewa kingamwili. Wanawake wengi huchanjwa kliniki ya wajawazito; wanaume wengi waliishia chanjo za utotoni. Kwa hiyo wewe mwanamume usiyekumbuka sindano yako ya mwisho, jihesabu kama hukuchanjwa, uende leo.