Chakula Kidogo kwa Makusudi: Siku za Kwanza za Mgonjwa Mahututi

Pampu ya kulishia inaposoma mililita 20 tu kwa saa, ndugu aliye kando ya kitanda huhofu kwamba mgonjwa wake anashindishwa njaa. Muuguzi wa zamu ya usiku, asipokuta maelezo katika jalada, huenda akadhani kuna aliyesahau kuongeza. Huenda wote wawili wamekosea, kwa kuwa mara nyingi kiwango hicho kimechaguliwa.

Mtu mwenye afya anapokula, ini lake hupunguza kutengeneza sukari. Katika siku za mwanzo za ugonjwa mkali, breki hiyo hulegea: ini huendelea kumwaga sukari katika damu na misuli huendelea kuvunjwa, hata kama chakula kinatolewa. Chakula kamili kikitolewa wakati huo, nishati yake hujumlishwa na ile inayozalishwa na mwili wenyewe, na sukari hupanda. Tena mshtuko hupunguza damu inayofika utumboni. Utumbo wenye damu haba ukitwishwa kazi ya kusaga chakula kingi waweza kukosa oksijeni, hata sehemu yake ikafa.

Ndipo zilipozaliwa njia mbili. Ya kwanza ni ulishaji pungufu wa makusudi, ambapo mgonjwa hupewa takriban nusu ya nishati anayohitaji. Ya pili ni ulishaji wa kuutunza utumbo, yaani mililita 10 hadi 20 kwa saa, ambao shabaha yake si kushibisha bali kuulinda utando wa utumbo usinyauke.

Utafiti wa NUTRIREA-3, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika Ufaransa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na dawa za kupandisha shinikizo la damu. Kwa siku saba, kundi moja lilipewa kilokalori 6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na la pili 25. Vifo havikutofautiana kwa maana ya kitakwimu, lakini waliopewa kidogo walitapika na kuharisha kwa uchache zaidi, na utumbo wao ulikosa damu mara chache zaidi.

Chukulia mgonjwa wa kilo 60 mwenye nimonia na mshtuko. Lengo lake kamili ni kilokalori 1,500 kwa siku. Siku ya kwanza, dozi ya noradrenalini ingali inapanda, hivyo halishwi. Siku ya pili dozi inaanza kushuka, naye anaanzishiwa mililita 20 kwa saa za chakula chenye kilokalori 1 kwa mililita, yaani 480 kwa siku. Pasipo pampu, ni mililita 80 kila baada ya saa nne kwa bomba la sindano. Maelezo katika jalada yasomeke hivi:

“Lengo kamili: kilokalori 1,500. Kiwango cha leo: 480, kwa makusudi. Sababu: mshtuko unatulia, lakini bado anahitaji noradrenalini. Kiongezwe: dozi ikiendelea kushuka kwa saa 24, tumbo likiwa laini na hatapiki. Kisimamishwe na daktari aitwe: tumbo likivimba au kuuma, au laktati ikipanda. Mapitio: kila asubuhi, lengo lifikiwe kati ya siku ya nne na ya saba.” Chini yake huwekwa jina, saini na saa.

Neno “kwa makusudi” pamoja na sababu yake humzuia wa zamu inayofuata kuongeza kasi mapema. Tarehe ya kufikia lengo huzuia kosa la upande wa pili, yaani kiwango cha siku ya pili kuendelea hadi ya kumi huku misuli ikiyeyuka.

Kiasi kilichoagizwa kiandikwe kando ya kilichoingia kweli. Mgonjwa huyu akipelekwa kupigwa picha na mrija ukafungwa kwa saa kadhaa, huenda akapata kilokalori 300 badala ya 480. Hizo 180 zilizopungua hakuna aliyezikusudia, na hazipaswi kufichwa chini ya uamuzi wa daktari.

Mgonjwa aliyefika akiwa amekonda sana huhitaji mpango wake mwenyewe. Yeye pia huanzishwa polepole, lakini kwa sababu nyingine: chakula cha ghafla huweza kuishusha fosfati ya damu kiasi cha kudhoofisha moyo na misuli ya kupumua. Hupewa thiamini kabla ya kulishwa, na fosfati, potasiamu na magnesi hupimwa kila siku. Sababu hiyo nayo iandikwe.

Ndugu wa mgonjwa wana haki ya kuuliza maswali mawili: kwa nini anapewa kiasi hiki, na kitaongezwa lini? Jalada lililoandikwa vyema hulijibu kila moja kwa sentensi moja.