Je, Wajua? Vitamini ya unga inayowasha uso

Ng'ambo ya Tarakea, upande wa Kenya, pakiti ya unga wa mahindi wa kiwandani ina niasini, kwa kuwa tangu 2012 sheria ya huko inataka unga urutubishwe. Kiasi chake ni kidogo. Mtu mzima huhitaji miligramu 14 hadi 16 tu kwa siku.

Mwaka 1955 Rudolf Altschul na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba vitamini hiyohiyo, ikitolewa kwa gramu nzima, hushusha kolesteroli. Ndipo ikawa dawa.

Dakika chache baada ya kumeza, uso, shingo na kifua huiva na kuwaka moto. Huo si mzio: seli za ngozi hutoa prostaglandini zinazopanua mishipa midogo ya damu, na hali hupoa yenyewe baada ya saa moja hivi.

Hatari yenyewe haionekani kwenye ngozi. Vidonge vinavyoyeyuka polepole hupunguza mwasho, lakini baadhi yake huumiza ini zaidi. Kichefuchefu, mkojo mweusi na macho ya manjano ni dalili za kukimbilia hospitali. Sukari nayo hupanda, maana mwili huacha kuitikia insulini vizuri.

Utafiti wa HPS2-THRIVE wa 2014, uliohusisha wagonjwa 25,673 waliokuwa tayari wakitumia dawa za statini, haukuona mshtuko wa moyo wala kiharusi vikipungua kwa kuongeza niasini. Ulichoona ni wagonjwa wapya wa kisukari.