Mafuta ya Ngozi katika Mji wa Shaba

Kila Juni wauzaji wa mafuta ya ngozi hapa Lubumbashi huulizwa swali lile lile: "Mama, haya mafuta ya nazi yameganda. Si ya bandia kweli?" Mteja anashika chupa iliyokuwa maji matupu mwezi wa Oktoba, na sasa ndani yake mna kitu cheupe kigumu ambacho hata kidole hakikitoi. Hakuna ubaya wowote hapo. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mji wetu, ulio kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, una usiku wa Juni na Julai unaoweza kushuka chini ya nyuzi 10. Cha kutilia shaka ni chupa inayobaki maji asubuhi ya baridi ya Julai. Ama mafuta hayo yametenganishwa kiwandani ili yasigande, na kibandiko hakina budi kusema hivyo, ama yamechanganywa na mafuta mengine ya bei rahisi. Lakini kipimo hiki hakikamati kila udanganyifu: mafuta ya mise, yaani ya kokwa la mchikichi, nayo huganda vivyo hivyo, kwa sababu yameumbika karibu sawa na ya nazi.

Kinachoyagandisha ndicho kinachoyahifadhi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya jamii hiyo hiyo ya mafuta magumu, ambayo hewa haipati pa kuyashika kwa urahisi. Ndiyo maana chupa iliyotengenezwa vizuri hukaa mwaka mmoja na nusu hadi miwili bila kuharibika. Ugumu huo huo ndio unaoyafanya yakae juu ya ngozi na kuzuia maji yaliyomo mwilini yasipotee, jambo ambalo miguu iliyopauka na kupasuka kwa upepo wa kiangazi inalihitaji hasa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014, lililofanywa kwa watoto wa Ufilipino wenye ugonjwa wa ngozi kuwasha na kukauka, lilionyesha kuwa baada ya wiki 8 mafuta ya nazi yalisaidia kuliko mafuta ya madini. Hata hivyo, usoni mwa kijana mwenye chunusi yasiguse. Huziba vinyweleo, na asidi zake ni chakula cha kuvu wanaoishi kwenye ngozi yenye mafuta mengi.

Kijana huyo mpe jojoba. Mmea wake ni kichaka cha jangwa la Sonora, huko Meksiko na Marekani, na kinachokamuliwa kwenye mbegu zake, tukisema kweli, ni nta iliyo katika hali ya maji. Mafuta ambayo ngozi ya binadamu hujitolea yenyewe yana nta ya namna hiyo kiasi cha robo, kwa hiyo jojoba hutandaa usoni bila kuacha utando mzito. Tena ni ngumu kuharibika kuliko mafuta mengine mengi ya mimea. Ikikaa gizani hupita miaka miwili bila kubadilika harufu. Ubaya wake ni bei, na bei kubwa huvuta wachakachuaji. Weka kijiko kimoja cha jojoba kwenye friji usiku kucha: iliyo halisi huwa nzito na kuganda kabla ya kufikia nyuzi 4, ilhali mafuta ya alizeti au ya soya hubaki maji. Ukiikuta asubuhi inatiririka kama ulivyoiacha, umeuziwa kitu kingine.

Lozi tamu ndiyo inayopendwa na wakandaji, nami naelewa kwa nini. Huteleza vizuri mkononi, haina harufu kali, na hulainisha ngozi ya kawaida au kavu kidogo bila kunata. Lakini kati ya haya matatu ndiyo ya kwanza kuharibika. Takriban theluthi mbili zake ni asidi ya oleiki na karibu robo ni ya linoleiki, na hii ya pili huliwa na hewa upesi zaidi ya mara kumi kuliko ya kwanza. Chupa iliyofungwa ina uhai wa mwaka mmoja hivi. Ikishafunguliwa, hesabu miezi sita tu. Mtoto mchanga mwenye ngozi iliyochanika asipakwe lozi, wala mtu yeyote anayedhurika na karanga za aina hiyo.

Chukua nyumba moja ya Katuba. Mama ana miguu mikavu, mtoto wake wa kiume ana chunusi, na wanataka chupa moja itakayowafaa wote tangu Juni hadi Desemba. Jibu langu ni hapana, mara mbili. Uso wa kijana unataka jojoba peke yake, matone matatu au manne jioni. Kwa miguu ya mama, pima mililita 60 za lozi na 40 za jojoba, kisha ongeza matone matano au sita ya vitamini E. Akipaka nusu kijiko cha chai kila siku akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, mililita 100 zitamtosha siku 40. Hapo atengeneze nyingine. Mchanganyiko hufuata tarehe ya mafuta dhaifu zaidi yaliyomo. Jojoba huichelewesha lozi kidogo, haiiokoi. Vitamini E nayo huzuia uharibifu usianze, ila haifufui mafuta yaliyokwisha kuharibika. Akitaka harufu ya mchaichai, nusu mililita inatosha kwa chupa nzima.

Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, ijae hadi shingoni ili hewa ikose nafasi, na ikae mbali na mbabula. Kila joto likiongezeka nyuzi 10, uharibifu hwenda karibu mara mbili, na rafu iliyo juu ya makaa ya moto ni mahali pabaya kuliko pote nyumbani.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa Katanga kuliko wengine. Shaba ni miongoni mwa metali zinazoharibu mafuta upesi kabisa, hata ikiwa kidogo mno. Kanuni za kimataifa za vyakula huruhusu miligramu 0.1 tu ya shaba katika kilo ya mafuta yaliyosafishwa. Hapa kwetu bakuli za shaba zilizofuliwa kwa nyundo zinauzwa kwa mapambo, ni nzuri kweli, na mtu huona fahari kuchanganyia mafuta humo. Usifanye hivyo, wala usitumie mrija wa shaba au kijiko cha shaba ya njano. Kioo, chuma kisichoshika kutu, au sufuria yenye rangi ya kioo isiyobanduka vinafaa.

Lozi iliyochacha utaijua kwa pua: harufu ya karanga kuukuu kwanza, kisha ya rangi ya kupakia mlango. Ukisugua tone viganjani, huanza kunata. Mafuta ya nazi hufuata njia nyingine, kwa sababu adui yake ni maji zaidi kuliko hewa. Yaliyopikwa nyumbani na kuepuliwa mapema hubaki na unyevu, nao huyavunja taratibu hadi yanuke sabuni na kuchoma ngozi. Kabla ya kununua kwa mtu usiyemjua, omba kiasi cha kijiko ukipashe moto taratibu. Yakianza kutoa milio midogo na kuruka, bado yana maji. Yarudishwe jikoni yachemke polepole mpaka mlio uishe, ndipo yachujwe na kutiwa kwenye chupa iliyokaushwa vizuri.