Agizo la Mei 2021 na Roboti Isiyojua Tarehe

Asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliwaamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma wahame mara moja. Sababu aliyoitoa ni kwamba magma ilikuwa imegunduliwa chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu, na mlipuko mwingine, wa nchi kavu au wa ziwani, ungeweza kutokea bila dalili nyingi za mapema. Watu walielekezwa upande wa Sake, magharibi. Mamia ya maelfu walitoka, na mwezi Juni wakaanza kurudi kwa awamu.

Agizo lile lilitolewa kwa ajili ya siku zile. Maandishi yake, hata hivyo, yamebaki kwenye simu na kompyuta, na mtu anayetaka kuandaa roboti ya WhatsApp ya kuwajibu wakazi maswali ya volkano atayapakia miongoni mwa nyaraka zake za kwanza. Kwa nini asiyapakie? Ni waraka rasmi, una sahihi na muhuri. Nitautumia mfano huo huo kueleza jambo ambalo waandaaji wengi hulifikiria mwisho, yaani namna nyaraka zenyewe zinavyopaswa kuandikwa ili roboti isiwapotoshe watu.

Roboti ya aina hii haisomi waraka mzima kila inapoulizwa swali. Siku inapoandaliwa, programu hukata nyaraka zote vipande vipande, mara nyingi vya maneno 200 hadi 400, na kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ndefu ya namba zinazowakilisha maana yake na kuwekwa katika ghala la roboti. Vipande vyenye maana zinazokaribiana hupata namba zinazokaribiana. Mkazi wa mtaa wa Himbi anapoandika swali, swali lake nalo hugeuzwa namba, kisha programu huchota vipande vitatu hadi vitano vilivyo karibu nalo zaidi. Hivyo ndivyo vinavyokabidhiwa kwa akili mnemba inayotunga jibu. Ukurasa uliotangulia kipande kilichochotwa, hata ukiwa na neno la kubadilisha maana yake yote, haupo mbele ya akili mnemba hiyo.

Sasa chukua waraka wa mfano, ulioandikwa kwa mtindo wa matangazo ya kiserikali. Ukurasa wa kwanza una tarehe, jina la ofisi, maelezo ya mlipuko na majina ya mitaa. Ukurasa wa pili unaanza hivi: “Wakazi wa mitaa iliyotajwa hapo juu waondoke mara moja kuelekea Sake. Wasirudi hadi watakapotangaziwa.” Msomaji aliyeshika karatasi zote mbili haoni tatizo. Programu ikikata kati ya kurasa hizo, kipande cha pili hubaki bila tarehe, bila mitaa na bila volkano. Miaka kadhaa baadaye mama mmoja anauliza: “Mlima ukilipuka tukimbilie wapi?” Kipande hicho kinafanana sana na swali lake, kwa hiyo kinachotwa, na jibu linatoka kwa lugha safi: ondokeni mara moja kuelekea Sake.

Roboti haijatunga uongo hapo. Imenakili kwa uaminifu agizo lililokwisha kazi yake. Na hatari ni ya kweli, kwa sababu njia ya kukimbilia hutegemea mahali ardhi inapopasuka. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu wengi walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Mwaka 2021 ilisimama ukingoni mwa mji, upande wa Buhene. Zaidi ya hayo, ukanda wa kati ya Goma na Sake una mazuku, ile gesi ya kaboni dioksidi ambayo ni nzito kuliko hewa na hutuama mabondeni. Mtu anayetembea njia hiyo usiku anahitaji kuambiwa hivyo pamoja na mwelekeo.

Aya hiyo ningeiandika upya namna hii:

```
## Agizo la kuhama Goma la 27 Mei 2021: halitumiki tena

Tarehe 27 Mei 2021 gavana wa Kivu Kaskazini aliagiza mitaa 10
ya Goma ihame kuelekea Sake, kwa hofu ya mlipuko mwingine wa
Nyiragongo baada ya ule wa 22 Mei 2021. Wakazi walianza kurudi
Juni 2021. Agizo hili halitumiki tena. Njia ya kukimbilia
hutegemea mahali lava inapotokea.
```

Angalia kilichobadilika. “Mitaa iliyotajwa hapo juu” imekuwa “mitaa 10 ya Goma”. Tarehe imo ndani ya aya na ndani ya kichwa pia. Hali ya agizo, kwamba limekwisha, imeandikwa waziwazi, kwa sababu mashine haiwezi kulihisi hilo kama anavyolihisi mkazi wa Goma aliyeishi siku zile. Kipande hiki kikichotwa peke yake kitatoa jibu la kihistoria, na hakitamtuma mtu barabarani.

Kichwa nacho kina kazi zaidi ya kupamba ukurasa. Programu nyingi za kukata hutafuta vichwa kwanza: hukata panapoanza kichwa kipya, kisha hubandika kichwa hicho juu ya kila kipande kilichotoka chini yake. Lakini zinakitambua ikiwa tu kimewekwa kama kichwa. Katika maandishi ya Markdown alama yake ni `##`. Katika Word ya Kifaransa, inayotumika katika ofisi nyingi mjini, ni mtindo wa `Titre 1` au `Titre 2`. Mwandishi aliyekoleza wino na kukuza herufi tu amepata kitu kinachofanana na kichwa machoni pa binadamu, ila kwa programu ni sentensi fupi kama nyingine. Waraka uliopigwa muhuri kisha ukaskaniwa una shida kubwa zaidi, maana ni picha, na bila programu ya kusoma herufi hakuna neno hata moja litakaloingia ghalani.

Kichwa kinachosema “Maelezo zaidi” au “Hatua za kuchukua” hakisaidii kitu. Ningetaka kichwa kibebe swali lenyewe jinsi watu wanavyoliuliza, kwa mfano “Mazuku: wapi pa kuepuka na saa ngapi ni hatari zaidi”. Aya ya kitaalamu inayotaja “utokaji wa gesi ya kaboni dioksidi” tu inaweza kuachwa nyuma na swali la mzazi anayeuliza kama mtoto anaweza kucheza shimoni asubuhi. Weka mazuku, shimo, bonde, watoto na mifugo ndani ya aya hiyo hiyo, na taarifa ya kwamba gesi hukusanyika zaidi usiku na alfajiri upepo unapotulia, kisha utaona inachotwa.

Kuna kosa moja ninaloliogopa kuliko yote, na linatokana na tabia ya kuandika orodha. Waraka wa tahadhari una kichwa “Mambo ya kuepuka”, na chini yake: kwenda kutazama lava, kushuka mabondeni, kurudi nyumbani kuchukua vitu. Orodha ikiwa ndefu, mkato hupita katikati. Nusu ya pili inabaki bila kichwa, na sasa inasomeka kama ushauri: kushuka mabondeni, kurudi nyumbani kuchukua vitu. Katazo lilikuwa kwenye kichwa peke yake. Dawa yake ni kuliweka katika kila sentensi: “Usishuke bondeni, kwa sababu mazuku hutuama huko.” Ndivyo ilivyo pia kwa sharti. Sentensi inayoanza na “Isipokuwa kama…” isipelekwe kwenye aya ya pili, kwani kanuni itachotwa na sharti litaachwa.

Majedwali yanaumia kwa njia hiyo hiyo. Tahadhari ya volkano mjini Goma hutangazwa kwa rangi, kutoka kijani ya hali ya kawaida, njano, chungwa, hadi nyekundu. Katika jedwali, mstari wa tatu unaweza kubaki na neno “chungwa” na maelezo mafupi pembeni, huku majina ya safu wima yakiwa yamebaki kwenye kipande kingine. Roboti inaona rangi tu. Afadhali kila rangi ipewe aya yake inayotaja Nyiragongo, jina la rangi, maana yake na kitu ambacho familia inapaswa kufanya. Jedwali linaweza kubaki kwa ajili ya ubao wa mtaani.

Baada ya kusikia haya, waandishi wengine huenda upande wa pili na kuanza kila aya kwa maneno yale yale: Volkano ya Nyiragongo, mji wa Goma, jimbo la Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hilo nalo linaharibu. Kila kipande kikianza kwa utangulizi mmoja mrefu, namba za vipande vyote zinasogeleana, na programu inashindwa kutenganisha aya ya mazuku na aya ya rangi. Rudia kile tu ambacho aya ingepoteza maana bila hicho: jina la kitu, mahali kama panabadilisha jibu, na tarehe kama jambo lenyewe linapitwa na wakati. Tarehe hiyo sasa inahitajika mno Goma, kwani tangu waasi wa M23 walipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, aya ya zamani inayotaja ofisi ya gavana au uwanja wa ndege bila kusema ni ya lini inamweleza mkazi hali ambayo haipo tena.

Kupima si kazi ngumu. Chapisha aya moja bila sehemu nyingine ya waraka, mpe mtu ambaye hajauona, umuulize inahusu nini, wapi, lini na inamtaka afanye nini. Akisita mahali, programu nayo itakosea hapo hapo. Kisha kusanya maswali ishirini hivi kutoka kwa watu wa mitaa ya Majengo, Ndosho na Katindo, kwa maneno yao wenyewe, na uyaingize. Usianze kwa kusoma majibu. Mwombe fundi akuonyeshe vipande vilivyochotwa kwa kila swali. Kama kipande sahihi hakikuchotwa, rekebisha kichwa au maneno ya aya. Kama kilichotwa na jibu likakosea, soma kipande hicho kama kilivyo: mara nyingi utakuta kiwakilishi kisicho na mwenyewe, au katazo lililobaki nje. Kama kipande hakina kasoro, tatizo liko kwenye maelekezo aliyopewa mtunga jibu, na kuandika upya waraka hakutalitibu.

Baada ya marekebisho waraka lazima upakiwe upya, na nakala ya zamani ifutwe ghalani kwa mkono. Ikibaki, swali moja litachota aya zote mbili, ile inayosema agizo halitumiki tena na ile inayosema waondoke mara moja, na ile fupi yenye amri ndiyo inayofanana zaidi na swali la mtu mwenye hofu.