Ameketi au Anaketi? Aina za Vitenzi na Namna ya Kuzipima

Mtahiniwa anayesoma tamthilia hukutana na maelekezo ya jukwaani kama haya tuliyoyatunga: "Nekesa ameketi kizingitini. Wafula anaingia. Nekesa anasimama." Wengi wamezoea kanuni kwamba kiambishi -me- huonyesha tendo lililokamilika na -na- tendo linaloendelea. Kanuni hiyo pekee haitoshi hapa. "Ameketi" haituambii kwamba kuketi kumekwisha. Inatuambia kwamba Nekesa yuko kitako sasa hivi. Nayo "anasimama" haina maana kwamba yuko wima. Ndiyo kwanza anainuka. Tofauti hii inatokana na maana ya kitenzi chenyewe.

Mwaka wa 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler aliainisha vitenzi katika makundi manne. Vitenzi vya hali havina hatua wala mwisho, kwa mfano kujua. Vitenzi vya shughuli huendelea bila kikomo maalumu, kama kulima au kutembea. Vya ukamilishaji huendelea hadi kikomo kinachojulikana, kama kulima ekari moja. Vya ufikiaji hutukia mara moja, kama kufika. Vendler aliongozwa na mifano ya Kiingereza, kwa hivyo sisi tunahitaji vipimo vinavyotokana na Kiswahili.

Kipimo cha kwanza ni cha kukatizwa. Tuseme mkulima wa Kitale alikuwa akilima, mvua ikamkatiza. Je, amelima? Naam, amelima kiasi. Sasa tuseme alikuwa akilima ekari moja, mvua ikamkatiza. Je, ameilima ekari hiyo? La, amelima sehemu tu. Kitenzi ni kimoja, lakini shamirisho limeongeza kikomo na kukitoa katika shughuli hadi ukamilishaji. Kwa hivyo tunachopima ni kitenzi pamoja na vijalizo vyake, si mzizi peke yake.

Kipimo cha pili ni cha muda. Walimu wengi hutumia "kwa saa tatu", lakini "alilima ekari moja kwa saa tatu" ina maana mbili: pengine alimaliza, pengine hakumaliza. Ni salama zaidi kutumia "ilimchukua". "Ilimchukua siku mbili kulima ekari moja" ni sawa, kwa sababu kuna kikomo. "Ilimchukua siku mbili kulima" humfanya msikilizaji aulize, "Kulima nini?" Shughuli tupu hupatana na "alishinda akilima".

Kipimo cha tatu ni -maliza. Msafiri aliyetoka Kitale kwenda Bungoma kupitia Webuye anaweza kusema, "Nimemaliza kupakia mizigo." Hawezi kusema, "Nimemaliza kufika Webuye." Kufika hakuna katikati ya kumaliziwa, hupatana na wakati mmoja: "Nilifika Webuye saa nne kamili."

Kipimo cha nne ndicho chenye manufaa zaidi kwetu: weka "bado" kabla ya kitenzi chenye -me-. "Bado amelala", "bado amevaa koti" na "bado amekasirika" zote zinakubalika. "Bado amelima" haikubaliki. Kundi la kwanza ni la vitenzi vya kuingia katika hali: kuketi, kusimama, kulala, kuchoka, kuvaa. Tendo ni fupi, na -me- huonyesha hali inayobaki baada yake. Ndiyo maana Kiswahili husema "amechoka" kumhusu mtu aliye mchovu sasa.

Kujua na kupenda ni tofauti. Hali yake huonyeshwa kwa -na-: "bado anajua", "bado anampenda". Ukisema "amejua", umebadilisha maana: hakujua awali, sasa amepata habari.

Vipimo hivi vina mipaka. Kiambishi -na- huonyesha pia mazoea: "Wafula analala Bungoma" huenda ikamaanisha kwamba huko ndiko anakolala kila siku. Kabla ya kupima, ongeza "sasa hivi" ili mazoea yaondoke.

Turudi kwenye maelekezo yetu. "Bado ameketi" inakubalika, kwa hivyo Nekesa alikuwa kitako kabla ya onyesho kuanza, hatumwoni akiketi. "Anaingia" ni tendo tunaloliona likitukia. "Anasimama" vilevile ni badiliko, nalo linafuata kuingia kwa Wafula. Mtahiniwa ana haki ya kulihakiki kama itikio, pengine la heshima au la hofu, kulingana na muktadha. Lakini kama maelekezo yangekuwa "Nekesa amesimama" tangu mwanzo, hoja hiyo ingeporomoka, kwani kusimama kwake kusingesababishwa na Wafula. Mwalimu akisahihisha uhakiki wa aina hii, na atazame kwanza kiambishi kimeshikana na kitenzi cha kundi gani.