Mjukuu ni msichana, lakini si lazima pinki

NAMANGA — “Mtoto ni msichana au mvulana?” Kwenye vibanda vya nguo za watoto katika mji huu wa mpakani, hilo ndilo swali la kwanza baada ya salamu. Jibu likiwa msichana, mkono wa muuzaji huenda kwenye pinki. Likiwa mvulana, huenda kwenye bluu.

Asubuhi moja, mama mmoja wa Longido aliyekuwa njiani kwenda Kajiado kumwona mjukuu wake wa pili aliyavunja mazoea hayo. “Ni msichana,” alisema, “lakini wazazi wake hawataki mambo ya rangi ya kike na rangi ya kiume.”

Muuzaji, ambaye hufuata mzigo Nairobi, alirudisha seti ya pinki na kushusha za kijivu na krimu. Mama alizigeuza, akaguna. “Mwanangu, hizi zimepoa mno. Kama za mgonjwa.”

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama. Wakiambiwa familia haina sharti la rangi, wao hutunga sharti jipya: pinki marufuku, bluu marufuku, zibaki rangi zisizosema lolote. Mama alipompigia binti yake simu, alijibiwa tofauti. “Hata pinki lete, mama. Nisichotaka ni zote ziwe pinki. Nguo za kaka yake zipo na atazivaa. Hizi mpya naye atamwachia mwingine.”

Jibu hilo liliwapa pa kuanzia. Nguo alizoacha kaka mtu nyingi ni bluu na nyeupe, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuongeza hizo. Mama alitenga nguo nne: ya kijani, ya njano, nyekundu yenye mistari, na moja ya pinki aliyoipenda tangu mwanzo.

Kilichobaki ni ufuaji. Nguo nyeupe huonyesha kila tone la maziwa, ila huvumilia maji ya moto. Nyekundu, bluu iliyokolea na nyeusi huficha madoa, lakini zikichuja rangi huharibu nguo nyingine ndani ya beseni. Muuzaji alilowesha pembe ya leso nyeupe, akaisugua kwenye upindo wa ndani wa ile nyekundu. Leso ikatoka na wekundu. Nguo ilirudi kwenye rafu, ikachukuliwa ya rangi ya chungwa ambayo haikuacha alama. Kipimo hicho huchukua nusu dakika, na kinafaa zaidi kabla mfanyabiashara hajalipia dazeni nzima. Hata nguo iliyofaulu ni vyema ifuliwe peke yake mara ya kwanza, kabla ya mtoto kuivaa.

Kwenye saizi, mama alichukua mbili zenye namba 62 na mbili zenye namba 68. Namba hizo ni urefu wa mtoto kwa sentimita: 62 humfaa wa miezi mitatu hivi, 68 wa miezi sita hivi. Watoto hutofautiana, lakini anayenunua zote za kichanga huona zawadi yake imebana kabla haijachakaa.

Kwa muuzaji, funzo liko kwenye mzigo. Seti ya vipande vitano iliyofungwa kwa rangi moja humsubiri mteja wa aina moja. Sasa katika kila dazeni yeye hufungua seti mbili na kutundika vipande kimoja kimoja ili mteja achanganye. Hasara ipo: kipande kilichotoka kwenye boksi hakina sura ya zawadi, na soksi za rangi moja hubaki. Kwa hiyo huweka mifuko ya zawadi na utepe, na hafungui zaidi ya hizo mbili.

Wapo wateja ambao familia zao hushikilia pinki na bluu, na hao nao huhudumiwa. Lakini desturi hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Mwaka 1918, jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwaelekeza wenye maduka kwamba pinki ni ya wavulana kwa kuwa ina nguvu, na bluu ya wasichana kwa kuwa ni laini.

Mama wa Longido alipanda matatu ya Kajiado na mfuko wenye rangi nne. Mteja aliyemfuata alipofika kibandani, muuzaji aliuliza swali jingine: “Mtoto tayari ana nguo gani nyumbani?”