Kutafuta Sauti Iliyozimwa kwenye Video

Video ya harusi inapopandishwa YouTube na ikadaiwa kwa sababu ya muziki, mwenye video huambiwa kuna dai la hakimiliki. Akifungua YouTube Studio, safu ya Restrictions, humwona mdai, wimbo na dakika unaposikika. Lakini dakika hizo zinaonyesha wimbo ulipotambuliwa tu. Si lazima ndipo sauti ilipozimwa.

Ukweli uko kwenye video yenyewe. Pakua nakula iliyoko mtandaoni, si faili lako la awali, kisha uipitishe kwenye programu ya bure ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -af silencedetect=noise=-80dB:d=3 -f null -
```

Amri hii husaka kimya cha sekunde 3 au zaidi. Tuseme imeandika silence_start: 754 na silence_end: 941. Hizo ni sekunde; gawanya kwa 60, utapata dakika 12:34 hadi 15:41. Hapo ndipo bibi harusi anaingia ukumbini na hata vigelegele havisikiki, kwa kuwa vimezimwa pamoja na wimbo.

Usipandishe kiwango hadi -30dB. Ukumbi uliotulia bado una mvumo wa feni na watu kukohoa, na kwa kiwango hicho hata dua ya kimyakimya itahesabiwa kuwa imezimwa. Sauti iliyozimwa haina mvumo wowote. Ikiwa ni muziki pekee ulioondolewa na maneno yakaachwa, amri haitaona kitu. Itabidi usikilize ukilinganisha na faili la awali.